Udongo Uliokwenda Chini

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa walimu, wanafunzi, wapishi na kuku wa jirani wanaovuka ua bila ruhusa, kwamba shule yetu ya bweni imempata mhalifu wa karne. Ameiba udongo. Si dhahabu, si kompyuta, si hata sukari ya chai ya walimu, ambayo kila mtu anajua inaishaje. Udongo. Lita mia saba za udongo, chini ya pua ya uongozi, kwa mikono yake miwili na toroli lenye gurudumu linalolia kama paka aliyekanyagwa.

Mhalifu mwenyewe ni Bi Toroli, mtunza bustani. Jina lake la kweli lipo kwenye faili, lakini hakuna anayelikumbuka, na nadhani hata faili limesahau. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye buti moja nyeusi na moja ya kijani. Si kwamba alikuwa na jozi mbili, kila jozi ikapoteza buti moja. Alizinunua hivyo hivyo kwa sababu zilimwenea. Wanafunzi anawaita wajukuu, na wakikanyaga mbegu anawaita majina mengine. Mume wake anachomelea mageti, na kwao, nyuma ya nyumba, mchicha unaota hadi kwenye beseni lililotoboka. Kumbuka hilo beseni, maana ndilo lililomponza.

Mambo yalianza vizuri. Shule iliamua kupanda mboga zake yenyewe, ili jikoni kuwe na kitu cha kijani zaidi ya mlango. Fundi seremala akatengeneza makasha matano ya mbao na kuyapanga nyuma ya bweni. Kila kasha lilikuwa na urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na kina cha sentimita thelathini. Zaidi ya hayo vikaletwa vyungu ishirini vya kupandia pilipili na vitunguu vya majani, kila kimoja cha lita ishirini na tano.

Hesabu ikafanywa na mwalimu wa hesabu, mama mmoja asiyependa mzaha kwenye desimali. Kasha moja ni mita za ujazo sifuri nukta sita. Makasha matano, mita tatu. Mita moja ya ujazo ni lita elfu moja, kwa hiyo lita elfu tatu. Vyungu navyo lita mia tano. Jumla lita elfu tatu na mia tano. Na kwa kuwa kitalu kinauza udongo mchanganyiko kwenye mifuko ya lita hamsini, ni mifuko sabini. Hakukosea hata tone.

Mifuko sabini ikaja. Bi Toroli akaimimina yote, udongo mweusi na samadi iliyooza na mchanga, laini kama unga uliochekechwa sasa hivi. Makasha yakajaa hadi ukingoni. Ofisa Manunuzi, ambaye wanafunzi wanamwita Bwana Risiti, akaja kupiga picha, akashika jembe upande usio sahihi, akatabasamu, akaondoka.

Ndipo Bi Toroli akafungua mpira wa maji. Akamwagilia siku ile na siku iliyofuata, kama inavyotakiwa kabla ya kupanda. Bwana Risiti aliporudi na Mwalimu Mkuu kumwonyesha kazi yake, udongo ulikuwa umeshuka. Rula aliyoichomoa mfukoni ikasema sentimita sita, kasha la kwanza hadi la tano. Na vyungu vyote vilikuwa vimeshuka kwa kiasi kilekile, moja ya tano.

"Hii nini?" akauliza Bwana Risiti.

"Udongo," akasema Bi Toroli.

"Naona ni udongo, mama! Mwingine uko wapi?"

"Humo humo."

Basi msomi wetu akatoa simu, akabonyeza. Moja ya tano ya lita elfu tatu na mia tano ni lita mia saba. Gawanya kwa hamsini. Mifuko kumi na minne! Lo, furaha iliyoje! Mtu ambaye hajawahi kupata jibu kamili maishani mwake alilipata siku ile, na jibu likawa mwizi.

"Mifuko kumi na minne kasoro, Mwalimu. Na huyu bibi kwake ana bustani, mimi mwenyewe nimeiona. Hata beseni bovu analo limejaa."

Hapa ndipo damu inapochemka. Walikwenda kwake! Wakavuka uwanja wa jirani, wakainamia beseni, wakachukua konzi ya udongo kwenye kifuko cha plastiki kama mapolisi kwenye mauaji. Mume wake akazima mashine ya kuchomelea, akauliza kama wanataka na mchicha wenyewe. Mtaa mzima ukatoka nje. Mwanamke anayerudisha shuleni hata misumari aliyookota njiani akatazamwa na majirani zake kama aliyeiba godoro la mgonjwa. Akarudi shuleni akakuta barua mezani kwa Mwalimu Mkuu, inasubiri sahihi tu: kazi basi, na jina la mwizi litamfuata kila geti atakalobisha hodi.

"Jitetee basi, shoga!" mpishi mkuu akamsukuma begani. "Umekaa kama gunia!"

"Nishasema uko humo."

Aliyelipuka ni mwalimu wa hesabu. Aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Nani kakwambia utumie hesabu yangu kumfunga mtu? Mimi nilipima makasha matupu. Sikupima udongo ukishalowa!"

"Mwalimu, hesabu ni hesabu," akasema Bwana Risiti.

"Hesabu ni hesabu, na wewe ni wewe. Njoo hapa nje."

Alikuwa na mfuko wake wa udongo kutoka kitalu kilekile, wa maua yake. Akaukata mbele ya Mwalimu Mkuu, akajaza ndoo kuukuu ya rangi, iliyotobolewa chini, yenye alama za lita upande wa ndani. Ishirini, mpaka ukingoni. Akamwaga maji, akaacha yachuruzike, akamwaga tena. Ndoo ikafungiwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu mpaka kesho yake, na ufunguo akakaa nao Mwalimu Mkuu mwenyewe, kwa sababu mwizi wa udongo ni mtu hatari.

Asubuhi wakachungulia. Udongo ulikuwa kwenye alama ya kumi na sita.

"Nani kaiba lita nne?" akauliza mwalimu wa hesabu. "Mwalimu Mkuu, ufunguo si ulikuwa kwako?"

Mpishi mkuu akacheka mpaka akakalia ndoo ya viazi aliyokuja nayo. Hewa ndiyo iliyotoroka, hewa iliyokuwa imejificha kati ya chembe, nayo haina beseni nyuma ya nyumba.

Unadhani Bwana Risiti aliomba radhi? Thubutu! Alirekebisha tai. Barua ikachanwa, ndiyo, lakini wafanyakazi wote wakaitwa kwenye makasha, na yeye akapanda juu ya tofali.

"Uongozi," akasema, "umechunguza kwa kina na kuridhika. Bi Toroli, kwa moyo mkunjufu, umesamehewa."

Umesamehewa! Kosa gani? La kumwagilia?

"Na ili kuondoa dosari hii kabisa," akaendelea, kidole juu, "nimeagiza mifuko mingine kumi na minne, kamili, ya kujaza pengo lote mpaka ukingoni. Una neno lolote la kuushukuru uongozi, mama?"

Bi Toroli akaangalia kasha, akaangalia tofali, akakamata mikono ya toroli.

"Agiza kumi na minane. Na udongo huo nao utashuka."