Kalamu Nyekundu na Meseji za Fundi

Fundi cherehani alipomkabidhi simu ili amsahihishie meseji, mwalimu wake wa Kifaransa alisoma maneno mawili tu, akajua mkono wa nani umepita hapo.

Hakuna aliyemfundisha mama yule kuandika "wesh" badala ya salamu nzima isipokuwa Mtanashati, mwalimu kijana wa darasa la jioni mwenye shati la kubana na kicheko cha kuvunja mbavu. Na nani aliyemtoa fundi gizani, akamfundisha Kifaransa toka herufi ya kwanza? Yeye! Fundi alikuja shuleni kwa sababu moja: mwanawe ameoa ughaibuni, mkwe anajua Kifaransa tu, na mjukuu anakua kwenye picha za simu. Mwalimu alimpenda kama ndugu. Sasa jioni moja moja za mazoezi kwa Mtanashati zimegeuka kuwa kila jioni, na darasani asubuhi fundi anapiga miayo.

"Nisahihishie, Mwalimu, nimtumie mkwe wangu," alisema fundi. "Usinionee huruma."

Hakumwonea. Meseji ilisema: "wesh ma fille sa va? g pensé à toi bcp. jsp quand je vais venu. tkt. bisous." Alimsalimu mkwe, akasema amemfikiria sana, ila hajui atakuja lini. Mwalimu aliinakili kwenye karatasi akaishukia kwa kalamu nyekundu. Kila kifupisho alikifuta. Badala ya "bisous", yaani mabusu, akaweka "Cordialement", neno la kufungia barua za ofisi. "Toi", yaani wewe, akaigeuza kuwa "vous", nyinyi ya heshima. Alipomaliza, karatasi ilikuwa safi na yeye amepoa moyo. Fundi aliinakili neno kwa neno, akaituma.

Juma lililofuata fundi aliingia darasani macho yamevimba.

"Mwalimu, nimekosa nini? Picha za mjukuu zimekatika. Mkwe ameniandikia hivi tu."

Ilikuwa sentensi fupi, ya adabu ya kutisha: "Bonjour Madame. Vous êtes fâchée contre moi ?" Mkwe anauliza kama amemkasirikia. Anamwita Madame! Mwalimu alijua vizuri kilichotokea. Mtu aliyezoea kuandikiwa "cc", salamu ya watu wa karibu iliyofupishwa, na mabusu, ukimwandikia ghafla kama unamwandikia mkuu wa benki, ataona umemfungia mlango. Kwa nini hakuliona hili juma lililopita? Aliliona. Wivu ndio ulioshika kalamu.

"Hukukosa wewe, Mama," alisema. "Nimekosa mimi. Lete ile ya kwanza."

Waliketi bega kwa bega. Safari hii mwalimu hakugusa "bcp" wala "tkt". Ya kwanza ni "sana" iliyofupishwa, ya pili ni "usijali", na hata watu wazima wa huko huandikiana hivyo. "Jsp", yaani "sijui", pia aliiacha, ingawa imemeza neno zima la kukanusha, maana ndivyo watu wanavyosema. "G", herufi moja inayosimama badala ya "j'ai", akaiacha kwa shingo upande.

"Sasa haya ni makosa," alisema. "'Sa va' sivyo, andika 'ça va'. Hata wenye lugha wapo wanaokosea hivyo, lakini wewe bado unajifunza, usianze na ubovu. Na 'je vais venu' haisemwi kabisa. 'Je vais venir'."

"Na hii 'wesh'?"

"Hiyo si kosa la Kifaransa. Ni salamu ya vijana wa mtaani. Mama mkwe akianza hivyo, mkwe ataanguka kwa kicheko."

"Mtanashati alisema nzuri."

"Nzuri kwake," alijibu mwalimu, na ulimi ukamwasha kusema zaidi. "Wewe weka 'cc'."

Fundi aliongeza kwamba hakuwa na hasira hata kidogo, akatuma. Hawajainuka, picha ikaingia: mtoto mwenye uji mpaka kwenye nyusi. Fundi alilia, akacheka, akakimbilia ukumbini. Mwalimu alimsikia akimwita Mtanashati kwa sauti ya kupasua.

Mchana, katika chumba cha walimu, kijana alikuwa akitabasamu na simu yake. "Tazama, Dada," akasema, "fundi wetu amepamba moto." Kwenye kioo palikuwa na: "cc prof! tkt g compris. merci bcp, bisous." Yaani usijali, mwalimu, nimeelewa, asante sana, mabusu.

Neno "wetu" lilimchoma mwalimu kuliko yote. Na yeye je? Simu yake ikatetemeka mkobani, akaitoa haraka mpaka kitana kikaanguka. Ilitoka kwa fundi.

"Madame, je vous remercie infiniment de votre aide. Cordialement."

Shukrani zisizo na mwisho kwa msaada wake, kwa "vous" ya heshima. Aliisoma tena na tena, akitafuta kosa hata moja la kumsahihishia. Hapakuwa na kosa.