Mlango wa Pili na Majalada Matatu

Majirani walimwita Mama Vitanda kwa sababu sebule yake nzima ilikuwa vitanda vidogo vya watoto, vimepangwa ukutani kama viatu dukani. Wa kwake walikwisha kukua wakaondoka. Hawa walikuwa wa wenzake, wanawake wa kiwanda cha nguo kule mwisho wa barabara, waliowaleta alfajiri wangali na usingizi na kuwachukua jioni. Mtoto akikohoa chumba cha pili, yeye jikoni alijua ni yupi, na kama ni kikohozi cha kweli au cha kutaka kubebwa.

Asubuhi moja alikuta karatasi imebandikwa mlangoni. Ilisema kituo kitafungwa mwisho wa mwezi, kwa kuwa mwenye kituo hajajibu agizo la kuweka mlango wa pili wa dharura.

Alilisoma neno "hajajibu" kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la msiba. Hajajibu vipi? Mlango ulikuwa pale nyuma, wa mbao ngumu, unanuka rangi bado. Na barua za kusema mlango uko tayari alikwisha kuzipeleka mwenyewe halmashauri, tatu, akagongewa mhuri kila moja. Alizitoa nakala kabatini akazitazama. Mihuri ilikuwepo. Sasa mwongo nani, yeye au karatasi?

"Wifi, njoo uone maajabu," alimwita dada wa mumewe, aliyekuwa akimsaidia kuosha chupa za maziwa.

Wifi alisoma, akafyonza. "Wewe tatizo lako unawabembeleza. Wachape na sheria!" Akaenda kupekua kapu lake, akaja na kijitabu kilichokwisha jalada, alichokipata kituo alichofanyia kazi zamani. "Hii hapa. Kanuni ya tisa, mlango wa dharura. Iegemeze barua yako hapo, watatetemeka."

"Watatetemeka wao au mimi?"

"Yeyote atakayeanza."

Mama Vitanda aliandika barua, akaitia kwenye mkoba na zile nakala na ile ilani ya mlangoni, akamwachia wifi watoto, akaenda.

Masjala ya halmashauri ilikuwa dirisha dogo mwisho wa ukumbi, na nyuma yake rafu za majalada hadi darini. Karani alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba.

"Shikamoo mama. Jalada namba ngapi?"

"Marahaba. Namba ya nini?"

"Ya jalada lako."

"Mwanangu, mimi nina namba ya nyumba, ya simu na ya kiatu. Hiyo nyingine sijapewa."

Karani alicheka, akazichukua nakala, akatazama tarehe za mihuri na kufungua rejista ya barua zinazoingia. Kidole kikashuka, kikapanda. Akainuka, akarudi na majalada matatu, hakuna lililofanana na jingine.

"Barua zako zote zipo, mama. Ila kila moja iko kwake. Hii ya kwanza umeiita 'Salamu na Shukrani', imekwenda kwenye barua za jumla. Ya pili 'Kuhusu Mlango', imekwenda idara ya ujenzi. Ya tatu 'Ombi la Kuendelea Kulea Watoto', wamekufungulia jalada jipya kama mwombaji mgeni. Na jalada lako lenyewe, lililotoa agizo, halina hata moja. Afisa akilifungua anaona kimya."

Mama Vitanda aliyatazama majalada yale akahisi ametoa watoto watatu kwa majirani watatu bila kujua. "Lakini zote zinasema jambo moja!"

"Zinasema. Hazikusema zinamjibu nani. Hukutaja agizo letu popote. Kwa nini?"

Mama Vitanda alisogea karibu na dirisha. "Niliona ni utovu wa adabu. Mkubwa amesahau, nawe unamwandikia 'kama mlivyoniambia tarehe fulani'? Si kumsuta huko?"

Miwani ya karani iliruka kifuani kwa kicheko. "Nyumbani ni kumsuta, mama. Hapa usipomkumbusha, umemtupa gizani. Hebu nione barua ya leo."

Alipoisoma, kicheko kikakatika. "Kanuni ya tisa? Umeitoa kwenye kijitabu cha zamani? Kanuni hizi zilifutwa. Katika kanuni mpya, ya tisa ni vyoo. Hii ingekwenda kwa bwana afya, akaja kukukagua choo."

"Choo changu kizuri," alisema Mama Vitanda, kwa unyonge.

"Soma ilani yako. Wametaja kanuni gani?"

Alisoma kwa kidole. Kanuni ya 14(2) ya Kanuni za Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo, Tangazo la Serikali Na. 88. Karani alimletea nakala ya kanuni hizo asome dirishani. Kanuni ndogo ya pili ilidai mlango. Ya tatu ilisema mwenye kituo akitoa taarifa kwa maandishi kwamba kazi imekwisha, afisa atakagua kabla ya kuchukua hatua nyingine.

"Kumbe wangekuja kwanza!"

"Wangekuja, kama taarifa ingefika kwenye jalada lake. Andika upya. Mimi sikuandikii, nitafukuzwa."

Aliandika kwenye benchi la ukumbi, magotini. Kwa kuwa sasa aliogopa kuacha namba, aliziweka zote: ya risiti ya mbao, ya simu ya fundi, hata ile ndogo iliyochapwa chini ya karatasi ya ilani.

Karani aliitazama. "Mama, hii ni barua au bahati nasibu? Weka zinazofungua mlango tu: agizo letu, ilani yetu, barua zako kwa tarehe, na kanuni."

"Lakini agizo, lilivyotajwa humu kwenye ilani, ni HM/MLZ/41/5, na ilani yenyewe ni HM/MLZ/41/7. Mbona zinagombana?"

"Hazigombani. Halmashauri, malezi, jalada la arobaini na moja. Ya mwisho ni hati ya ngapi ndani yake."

"Na sita iko wapi?"

"Sita ni maandishi ya ofisi kwa ofisi. Haikuhusu."

Hilo lilimkaa moyoni kama mwiba wa samaki. Alirudi benchini akaandika mara ya tatu. Alipomaliza hakuamini macho yake, maana namba zilikuwa zikiogelea. Basi akafanya kama afanyavyo jioni watoto wanapoondoka: mmoja mmoja, kidole kichwani, huyu yupo, huyu yupo. Kidole kikasimama. Penye 41 alikuwa ameandika 14. Kanuni ilikuwa imepanda kitanda cha jalada. Akafuta, akahesabu tena tangu mwanzo.

"YAH: MLANGO WA DHARURA UMEKAMILIKA," ilisema barua. "Rejea agizo lenu Kumb. Na. HM/MLZ/41/5 la tarehe 10 Februari na ilani yenu Kumb. Na. HM/MLZ/41/7 ya tarehe 3 Juni. Nilitoa taarifa kwa barua zangu za tarehe 12 Machi, 9 Aprili na 14 Mei, zenye mhuri wenu, nakala nimeambatisha. Kwa Kanuni ya 14(3) ya Kanuni za Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo, Tangazo la Serikali Na. 88, naomba mje kukagua kabla ya hatua nyingine."

Karani aligonga mhuri, akalichomoa jalada bila hata kuuliza, akaiweka barua ndani na kulituma juu kwa afisa.

Wiki hiyohiyo afisa alikuja na jalada kwapani. Alipita katikati ya vitanda kwa ncha za vidole, akausukuma mlango wa pili. Ukafunguka hadi mwisho. Akatoka, akarudi, akaufunga, akaandika kidogo.

Barua ya kuifuta ilani ilifika kabla ya mwisho wa mwezi. Akina mama wa kiwandani waliposikia walipiga vigelegele palepale mlangoni, na watoto wawili wakaamka wakilia. Mama Vitanda aliisoma namba ya juu kwa kidole.

"Arobaini na moja, hati ya tisa," alimwambia wifi yake. "Ya nane ni yangu mimi. Nimo ndani ya jalada."

"Si nilikwambia uwachape na sheria?"

"Ya vyoo?"

Wifi alijifanya ana chupa za kuosha.

Mama Vitanda aliibandika barua ukutani juu ya vitanda, akambeba mmoja wa waliolia. "Lakini ile sita, wifi," alisema, akimpigapiga mtoto mgongoni. "Unadhani waliandikiana nini?"