Sisi Watatu wa Maji ya Pwani

Anatole, kordinateri wa shirika la Maji ya Pwani pale Baraka, mji wa kando ya ziwa, alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna dawa yake. Kikifanyika kitu kizuri aliandika "sisi". Kikiharibika kitu aliandika "shirika". Godelieve, sekretari wake, alikuwa amepiga barua zake kwenye mashine kwa miaka sita, na alikuwa anaujua ugonjwa huo kama mke anavyojua mguu mbovu wa bwana yake. "Tumejenga vituo vinne vya maji." "Tumefundisha bamama mia mbili kunawa mikono." Halafu bidoni moja, dumu zima la mafuta, inapotea, na ghafla hakuna mtu tena ofisini, ndani ya biro ile: "Shirika limekumbwa na upungufu wa mafuta." Loo, masikini shirika. Limekaa peke yake, limekumbwa.

Godelieve alikuwa anacheka kimoyomoyo na kupiga mashine. Mshahara ulikuwa mdogo lakini ulikuwepo, na mwaka ule wa 2002, vita ikiwa imekata barabara ya kwenda Fizi na kila kilima kina wenye bunduki wake, mtu mwenye mshahara hakosoi sentensi.

Kazi ya shirika ilikuwa rahisi kueleza. Watu wa Baraka wanachota maji ya ziwa, na ziwa lina kipindupindu. Basi kandokando ya ziwa waliwekwa watu wenye seringi, yale mabomba ya sindano ya hospitali. Mama anachota bidoni yake ya lita ishirini, mtu wa seringi anamwagia humo dawa ya klori kipimo chake, mama anafunga, anangoja nusu saa, anakunywa, halipi kitu. Kwenye kituo kikubwa mtu wa seringi alikuwa Sadiki, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye vidole vilivyopauka kwa klori. Ili kujua kama dawa bado ina nguvu, Sadiki alikuwa anachukua maji kidogo kwenye kichupa na kutia kidonge. Maji yakigeuka rangi ya waridi, klori ipo. Yakibaki meupe, umemwagia watu maji matupu.

Mwezi wa kumi vidonge viliisha. Mfuniko wa pipa la unga wa klori nao ulikuwa umepasuka tangu mvua ya kwanza, na unga uliovuta unyevu hupoteza nguvu. Hilo hata mtoto wa Sadiki alilijua. Sadiki akaja biro, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Kordinateri, mi sijue tena kama ile dawa iko na nguvu. Ile pipa inanuka kidogo sana."

"Endelea kutia," Anatole akasema. "Watu wakiona seringi wanatulia."

Godelieve alikuwa pale, mezani kwake, akisikia. Siku hiyo hiyo alipiga ripoti ya mwezi kwa wafadhili, na ndani yake sentensi hii: "Shirika limehakikisha ubora wa maji kila siku." Aliipiga bila kosa hata moja. Ndivyo alivyokuwa, mpigaji hodari.

Siku kumi na mbili Sadiki alimwagia watu maji matupu. Wakaanza kuugua. Watano walikufa, na mmoja wao alikuwa Jumaine, mtoto wa Kulthumu, mama mwenye kuuza ndakala, yaani dagaa, kando ya ziwa, mwanamke ambaye kila asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya Sadiki. Alikuwa anaamini. Ndiyo maana mtoto alikunywa.

Siku ya kumi na tatu boti ilileta unga mpya na vidonge kutoka Uvira. Sadiki akapima, maji yakageuka waridi. Kituo kilikuwa kimepona. Sasa ilibaki kuwaambia watu, na Anatole akavaa miwani yake, akaamuru Godelieve aandike.

"Shirika linasikitika kuwatangazia wakaaji kwamba hitilafu ilijitokeza katika huduma ya maji. Hatua zimechukuliwa. Wakaaji wanaombwa kuendelea kutumia kituo."

Tangazo likabandikwa ukutani, likasomwa kwa wakatoliki, likasomwa kwa waprotestanti, likasomwa msikitini. Na kwa sababu Anatole hana haya, barua kama hiyo ikapelekwa pia kwenye kilio cha Jumaine, ndani ya bahasha yenye muhuri. Baraka yote inajua: ukimkosea mtu akafiwa, unakwenda mwenyewe, unakaa chini, unasema kwa mdomo wako. Yeye alituma muhuri. Kaka wa Kulthumu aliisoma kwa sauti mbele ya watu, akaikunja.

"Huyu Shirika ni nani?" akauliza. "Iko na miguu? Mumwambie akuje akule bukari na sisi, tumuone."

Watu wakacheka, kicheko kile kibaya cha kilioni. Kisha wakafanya lililo baya zaidi: wakajaza wenyewe. Tangazo lilisema hitilafu, halikusema hitilafu gani, na tundu usiloliziba panya ataingia. Kufika jioni mji mzima ulikuwa unajua kwamba klori ndiyo iliyoua batoto. Kesho yake Sadiki alikaa na seringi yake, dawa nzuri kabisa, na hakuna aliyekuja. Bamama walipita mbele yake na bidoni vichwani, wakachota pale chini kwenye matope, wakarudi.

Mmoja wao alikuwa Gentille, mdogo wake Godelieve, mwenye batoto watatu, wa mwisho bado ananyonya.

"Rudi kituoni," Godelieve akamwambia. "Dawa ni mpya."

"Yaya, dada yangu, hiyo dawa iliua mutoto wa Kulthumu."

"Haikuua. Ilikuwa imekufa yenyewe, haina nguvu."

"Nani anasema?"

Tangazo alilopiga Godelieve mwenyewe halikusema hivyo. Siku tatu baadaye mtoto wa pili wa Gentille alianza kuharisha maji ya mchele, wakambeba mbio hospitali, akawekewa serumu, maji ya mshipani, akaponea chupuchupu. Akirudi tu nyumbani, maji ya kunywa yalikuwa yale yale ya matope.

Godelieve akaingia kwa Anatole bila kubisha.

"Bwana Kordinateri, bantu hawaamini shirika. Hawaone muntu. Tuandike sisi."

Anatole hakukataa, na Godelieve angepaswa kuogopa hapo hapo. Alifikiri kidogo, akatabasamu, akaamuru: "Sisi sote, wakaaji wa Baraka, tumezembea usafi. Sisi sote tushikamane."

Haya ndiyo maarifa ya msomi. Umeombwa useme "sisi", basi unawavuta wafiwa ndani ya hilo "sisi" na kuwagawia kosa kama unga wa msaada, kila nyumba kopo lake. Tangazo hilo halikukaa ukutani hata saa mbili. Gentille alilichana kwa mikono yake, akaja nalo kwa dada yake.

"Mi nilizembea nini, yaya? Niambie. Mi nilizembea nini?"

Godelieve hakulala vizuri, lakini kulipokucha alikuwa amejua jambo. Alikuwa amemdharau Anatole miaka sita, kwa raha kabisa, kama mtu asiyehusika. Lakini mikono iliyopiga "shirika limehakikisha" ilikuwa ya nani? Anatole hajui hata kutia utepe kwenye mashine. Alijichukia, na kwa mara ya kwanza chuki yake ilifika mahali pake.

Akaenda biro, akapiga bila kuamriwa:

"Sisi watatu ndio tunaandika: Anatole, kordinateri, Godelieve, sekretari, Sadiki wa seringi. Vidonge vya kupimia viliisha na unga uliharibika kwa unyevu. Sadiki alisema. Anatole aliamua kuendelea. Godelieve aliandika kwamba maji ni mazuri, akijua hayajapimwa. Siku kumi na mbili tuliwapa maji yasiyo na dawa, na hatukuwaambia. Klori haikuua mtu. Ukosefu wake ndio ulioua. Sasa unga ni mpya na kila asubuhi tutapima mbele yenu."

Hapo chini akaacha kupiga kidogo. Alitaka kuongeza kwamba maji yatabaki bure, na kidole kilikuwa kimeshaanza "tunaahidi". Akajiuliza, sisi tunaahidi nini? Bunduki zikilia kesho, sisi tunapanda boti. Mwaka jana tulipanda. Ahadi ya watu wanaokimbia ni ya nini? Akapiga: "Shirika limeandika katika sheria zake kwamba maji haya ni bure, na sheria hiyo inabaki hata sisi watatu tukiondoka." Hapo neno shirika lilikuwa na kazi. Mtu ndiye anayekosa na kukiri, lakini kuna mambo yanayopaswa kudumu kuliko mtu.

Anatole alisoma akiwa amesimama. Alichukua kalamu, akakata jina lake kila mahali lilipokuwa, mistari miwili miwili, kwa rula.

"Mukiandika hivi," akasema, "mujue ni ninyi."

Mchana akapanda boti ya Uvira, kwenye mkutano ambao hakuna aliyeusikia kabla. Baadaye mwenye boti alileta kikaratasi cha Anatole: "Tuko pamoja." Sadiki alikitumia kuwashia moto wa chai.

Godelieve na Sadiki walikwenda kwa Kulthumu na karatasi ile, na ile mistari ya rula. Wakavua viatu, wakakaa kwenye mkeka. Godelieve alisoma mpaka mwisho, jina lake likiwemo.

"Na huyu mulikata?" Kulthumu akauliza.

"Alijikata mwenyewe."

"Sadiki, ulijua?"

"Nilijua, mama. Niliambiwa nitie, nikatia."

"Na wewe uliandika iko muzuri."

"Niliandika."

Kulthumu aliomba karatasi, akaipitisha kwa kaka yake, naye akaisoma tena polepole, mara hii bila kuikunja. Hakuna aliyewapa chai, na hakuna aliyewafukuza. Walipoona giza linaingia waliaga wakaondoka.

Asubuhi Godelieve alikuwa kituoni mapema, amesimama pembeni ya Sadiki ili mwenye kutaka kumtukana asisumbuke kumtafuta. Bamama walikuja, Gentille akiwa kati yao, mtoto mgongoni. Lakini walisimama mbali, bidoni chini. Walikuwa wanamngoja mmoja, na kila mtu alijua ni nani.

Kulthumu alifika na bidoni ya njano. Aliichota mwenyewe ziwani, akaiweka mbele ya Sadiki, akafungua kifuniko. Sadiki akamwagia kipimo, wakangoja nusu saa nzima, kisha akachukua maji kidogo kichupani, akatia kidonge. Yakageuka waridi. Kulthumu akainua kichupa juani ili na wale wa mbali waone.

Halafu akamgeukia Godelieve.

"Mi sikukusamehe," akasema. "Lakini ile siku ingine nilikuwa sijue hata ni nani sitamusamehe. Sasa najua."

Akafunga bidoni, akajitwisha, akapanda njia ya kwao. Nyuma yake Gentille akasogea, akaweka bidoni yake chini pasipo kumsalimu dada yake, na bamama wengine wakapanga foleni.