Mlango wa Nyuma wa Banda la Mawe

Upepo katika banda letu la kuchonga mawe ya sabuni huingia mlangoni na kutokea juu ya ukuta mfupi wa nyuma. Baba alikuwa akikata mawe pale mlangoni, penye mwanga. Wifi yangu, mke wa kaka, alikaa nyuma kabisa, amempa baba mgongo, akisugua vinyago kwa msasa ndani ya beseni la maji. Vumbi la msumeno lilimfuata huko. Alikohoa kutwa, na jioni nyusi zake zilikuwa nyeupe kama za bibi kizee.

Alikuwa na sababu ya kukaa pale. Kwetu Kisii mke hakai uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hapiti karibu naye hadi nguo ziguse; hata bandani wifi aliingia asubuhi kabla ya baba, akatoka baada yake. Tunaita chinsoni, haya ya heshima. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu sina kazi, nina maswali tu, na kubwa lilikuwa hili: heshima gani inamlisha mtu vumbi? Baba sikuthubutu kumuuliza. Nilimuuliza wifi, akasema, "Wewe subiri uolewe."

Kisha wenye karakana ndogo wakaanza kutembeleana. Mkufunzi wa kutoka Kisumu aliwapa karatasi za picha na utaratibu mwepesi: mgeni ataje kwanza kilicho kizuri, halafu wafanyakazi wenyewe wapendekeze badiliko lisilo la gharama, lijaribiwe wiki moja, likiwafaa libaki.

Kwetu walianza na lile beseni. "Hapa msasa hautoi vumbi," alisema seremala wa Masimba. "Kwangu tunakula mbao kama mchwa."

Watu wakacheka. Mkufunzi akaelekeza kalamu nyuma. "Na yule mama? Vumbi la msumeno si linaishia kwake? Mbona asikae mlangoni?"

Kicheko kikakatika. Seremala akaanza kukagua paa. Baba akawa anapapasa meno ya msumeno kana kwamba ameletewa leo. Mkufunzi, maskini, akanigeukia mimi. "Dada, wewe umesoma. Kuna shida gani?"

Uso uliniwaka. Kueleza pale ilikuwa kama kumvua baba shati mbele ya wageni. "Hakuna shida," nikasema. "Wanaweza kubadilishana."

Wakabadilishana. Baba akakubali pia kumwagia jiwe maji kabla ya kulikata, na sisi tukawa tunanyunyiza sakafu kabla ya kufagia. Vumbi lilipungua, na lililobaki liliruka ukuta likaenda zake. Wifi alipumua. Lakini baba hutoka kila mara kuleta mawe, na sasa ilimbidi ampite mkwe wake pale mlangoni, na hilo hakuliweza. Akaanza kuruka ukuta.

Mzee mzima, mguu mmoja ndani, mwingine nje, na barabarani watu wanatazama. "Mzee, umeanza kujiibia?" jirani alimtania.

"Nafanya mazoezi," baba akajibu, bila kutabasamu.

Nilijificha nyuma ya rundo la mawe nisionekane nikimwona.

Siku iliyofuata aliruka akiwa na jiwe begani. Mguu ukateleza. Jiwe likaanguka pale unyayo wake ulipokuwa punde tu kabla. Nilikimbia nikamshika mkono. Wifi aliinuka nusu, akakaa tena. Hangeweza kumgusa. Aliinamia beseni.

"Nitarudi nyuma," aliniambia baadaye. "Afadhali kikohozi kuliko kumuua mzee wa watu."

"Hurudi. Wewe unaona nini kifanyike?"

Alielekeza msasa kwenye ukuta wa nyuma. "Ukuta ukatwe mlango. Na msumeno utoke nje kabisa, uwekewe paa la yale mabati ya choo cha zamani. Lakini usiseme ni mimi."

Nikampelekea baba.

"Nani amesema?"

"Mfanyakazi."

Aliutazama ukuta. "Mwambie mfanyakazi nimesikia."

Aliukata mwenyewe, akasimamisha nguzo, akapigilia mabati. Mbao zilikuwa za banda la ng'ombe, misumari tuliinyoosha kwa nyundo. Mkufunzi aliporudi akauliza wazo lilikuwa la nani, apigwe picha. Wifi akainamisha kichwa.

"Ni la banda," baba alisema.

Mlango upo hadi leo. Akitaka kuingia kuchukua tupa, baba husimama kwanza nje na kukohoa, kumpa mkwe wake nafasi ya kugeuka. Zamani kikohozi kama hicho hakingekuwa na maana, kingepotelea ndani ya cha wifi. Siku hizi kinasikika, naye hujifunika vizuri na kugeukia ukutani. Swali langu kuhusu heshima bado ninalo. Nikisikia kikohozi hicho, nami huinama.