Nywele za Baba Ukutani

Mtaani walimwita Fundi Sura, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Kilichompa sifa ni vichwa. Wanaume wanaojidai hawajali vipara vyao, ndio hao hao walioingia studio yake ya picha wakinong'ona, "Fundi, hapa mbele nijazie kidogo."

Naye alijua kujaza. Wengine hupaka weusi tu, mtu wa watu akaonekana amevaa kofia. Yeye aliiacha picha halisi chini bila kuigusa, kwenye kompyuta nywele akaziweka kwenye tabaka lake juu, la kuwashwa na kuzimwa, akinakili vipilipili vya kandoni mwa kichwa cha mwenyewe. Mbele alizipanda chache na nyembamba, mstari ukipinda hapa na pale, ngozi ikichungulia. Utosini alizizungusha kufuata mzunguko wake wa kuzaliwa. Upande wa dirisha alizitia mwanga, kisha akazikwaruza kidogo zisiwe safi kuliko picha yenyewe, maana picha za simu zina chengachenga.

Kazi yake bora ilikuwa kichwa cha baba yake. Mzee alikuwa ameanza kusahau; alitafuta miwani akiwa ameivaa. Siku moja alimwambia, "Mwanangu, nirudishie nywele zangu, kabla sijazisahau nazo." Akamrudishia, na mvi zake humo humo. Picha ikatundikwa sebuleni, na mzee hakuchoka kusimama mbele yake akijipapasa kichwa.

Asubuhi mzee alipopotea, ndiyo hiyo picha Fundi Sura, binti yake, aliyoituma kwa kila mtu, namba yake ya simu chini yake. Hata mama hakuona kasoro, na yeye ndiye anayekipaka mafuta kipara kile kila siku. Macho yao yalikwishazoea picha ya ukutani. Kaka alikimbilia stendi, mama akabaki mlangoni, na Fundi Sura akakaa studio, simu mkononi. Aliwaza barabara kuu, malori, mtaro ulioachwa wazi nyuma ya soko. Adhuhuri ikapita. Mawingu yakaanza kutanda, na hakuna aliyekuwa amemwona.

Simu ikalia. Alikuwa dereva mmoja wa pikipiki, mtu mwema, sauti yake imejaa faraja.

"Dada, wala usiogope. Kuna mzee kagongwa na lori pale njia panda, watu wamejaa. Nimekimbia kuangalia kwa ajili yako. Si wako. Huyu ana kipara kitupu."

Kipara kitupu. Tangu asubuhi Fundi Sura alikuwa amewaambia watu wote wamtafute mzee ambaye hayupo duniani.

"Shati," alisema. "Kavaa shati gani?"

"Wamemfunika, dada."

Aliifungua ile kazi kwenye kompyuta. Akalizima tabaka la nywele. Zilitoweka zote kwa mkupuo mmoja, na baba yake akamtazama, paji limepanda hadi utosini, linang'aa. Alimwona amezeeka kuliko alivyomkumbuka, akaangua kilio. Akaituma picha ile kila alikokuwa ametuma ya kwanza, akachukua viatu mkononi kwenda njia panda kumfunua mtu.

Hajafika mlangoni, simu ikalia tena.

"Fundi, mimi kinyozi wa karibu na posta. Huyu mzee yuko kwangu tangu asubuhi! Hatoki. Anasema binti yake yuko njiani. Ile picha ya kwanza niliiona, nikasema si yeye, huyu hana hata unywele."

Alikimbia njia nzima. Hakuthubutu kufurahi, palikuwa na mzee mwingine chini ya shuka pale njia panda, na huenda na yeye alikuwa na binti mahali fulani.

Baba yake alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, taulo shingoni, macho yamemtoka. Alipomwona alimkamata mkono kwa nguvu. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Mwanangu, ninaogopa. Nimeziona zimerefuka pale ukutani, nikaja kunyolewa. Huyu bwana ananionyesha kioo, hazipo. Nani kanichukulia nywele zangu?"

Kinyozi aligeukia dirishani, akajifanya anafuta mkasi.

Fundi Sura akapiga magoti mbele ya kile kiti. Alijua kila unywele wa kichwa kile ulikoelekea.

"Ni mimi, baba. Nimezitoa ili nikupate."

Mzee akajipapasa kichwa, kisha akampapasa binti yake chake.

"Basi twende nyumbani," alisema. "Mvua inakuja."