Chumvi ya Ghala

Kabla ya lolote kutokea, hali ilikuwa hivi. Ghala lilisimama Old Town, Lilongwe, nyuma ya maduka ya vitambaa. Lilijengwa na babu wa mwenye ghala, Mhindi mzaliwa wa hapo hapo, kwa matofali laini ya kuchoma yaliyoshikizwa kwa chokaa. Kwa miaka mingi halikuhifadhi kitu ila chumvi, magunia yakiegemezwa ukuta wa kusini hadi usawa wa kifua, na sehemu ya chumvi hiyo ikaingia tofalini, ikatulia humo kama mpangaji asiye na kelele. Mfereji wa paa ulikuwa na upana wa kiganja. Upana huo uliwatosha watu wa zama za babu, ambao mvua zao, kwa ushuhuda wa kila aliyezikumbuka, zilikuwa na adabu: zilifika zilipotarajiwa, zikanyesha kwa kiasi, zikaaga.

Sisi tulikuwa wapangaji wa kelele. Kanisa letu, la watu wa Bukavu pamoja na Warundi wachache, lilisali humo Ijumaa mchana na Jumapili, na wengi wetu tulifika kwa minibasi kutoka Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Mimi nilikuwa katibu. Nyumbani nilifundisha Kilatini na historia, elimu ambayo, kama ijulikanavyo, hugombaniwa sana kambini.

Kisha mvua zikapoteza adabu. Zilianza kuchelewa, halafu kumwaga kwa mchana mmoja maji ya majuma mawili, halafu kutuachia jua la kuunguza hadi tukazisahau. Mfereji ulifurika na kuumwagia ukuta. Maji yaliyopenya yaliiyeyusha chumvi ya babu. Jua liliporudi, ukuta ulikauka kwa kutoa unyevu nje, na chumvi ikaufuata unyevu huo hadi karibu na uso wa tofali. Hapo ikaganda kuwa fuwele, na fuwele, zinapokua ndani ya vitundu vya tofali, husukuma. Mvua nyingine, jua jingine, msukumo mwingine. Msimu wa tatu, aliyeegemea ukuta wa kusini aliondoka na unga mwekundu mgongoni na ukungu mweupe kwenye kiwiko.

Wana wa mwenye ghala, watu wa maendeleo, walikuwa wamekwisha kuutibu kwa kuupaka saruji. Saruji ni ngumu, na tofali lile ni laini. Katika joto la mchana na baridi ya ghafla ya mvua, viwili hivyo vilitanuka na kusinyaa kila kimoja kwa kipimo chake, hadi saruji ikapasuka. Maji yaliingia katika nyufa, na yakikosa pa kutokea, yalikwea. Tiba ilifaulu: ugonjwa, uliokuwa umefika magotini, ukafika kiunoni.

Mzee mwenye ghala alituita, akatueleza jambo lake bila kulizungusha. Wanawe walitaka jengo la vioo. Yeye alitaka nyumba ya babu yake ibaki. Walikuwa wamekubaliana kwamba mwezi wa kumi, kabla ya mvua, mhandisi angeupima ukuta wa kusini. Ukionekana mzima, ghala lingebaki. La sivyo, lingebomolewa, nasi tungetafuta pengine.

Miongoni mwetu alikuwapo fundi mmoja Mrundi ambaye ujana wake wote aliutumia kukarabati majengo ya kale ya misheni kwao. Dzaleka alikuwa akifyatua matofali ya udongo, kwa kuwa ujuzi adimu lazima utumiwe. Aliukagua ukuta kwa kuugonga na kuusikiliza, akaubandua saruji yote, akapanua mfereji. Halafu akakanda udongo mweupe wa mfinyanzi pamoja na karatasi zilizolowekwa katika maji safi, mkandiko laini kama nsima changa, ugali wa huku, akaupaka ukutani. Ulipokuwa ukikauka ulifyonza maji ya tofali na chumvi iliyomo, kisha ukabanduliwa na kutupwa. Ulipaswa kurudiwa hadi chumvi ipungue, na hapo ndipo ukuta ungepakwa lipu ya chokaa, inayopumua.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Kila mkandiko ulipobanduliwa nililoweka kipande chake, uzito ule ule kila mara, katika maji yaliyochemshwa, nikayachuja, nikayakausha juani katika sahani, na kuandika mabaki. Mkandiko wa kwanza uliacha kijiko cha chumvi. Wa pili, nusu kijiko. Wa tatu, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Mzee alikuja kuiangalia sahani ile ya tatu, akaigusa, akasema zikomo, asante ya kwao, mara mbili, akaondoka haraka asije akaonekana macho yalivyolowa.

Mkandiko wa nne uliacha vijiko viwili.

Fundi alijilaumu kwa siku tatu. Aliushuku udongo, akayashuku maji, akaishuku na hesabu yangu, jambo nililolistahimili. Hatimaye alipiga magoti na kuikwangua sakafu ukutani chini, akainua vidole vyake. Vilikuwa na chembe kubwa kubwa za chumvi mpya ya dukani.

"Mwalimu," akaniuliza taratibu, "kuna muntu anakulia chakula hapa?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza, kwa sababu nililiandika mimi. Majuma machache nyuma, mama shemasi, kiongozi wa waombaji wa Ijumaa, aliona ukuta ukitoka jasho asubuhi za mawingu, akatambua pepo. Aliomba tangazo la kuwataka waumini walete chumvi iliyoombewa, imwagwe pamoja na maji kwenye msingi. Nililitunga tangazo hilo kwa sentensi moja ya vishazi vinne vilivyopangika vizuri mno, nikalisoma mwenyewe mimbarani. Nilikuwa nimeisoma chumvi katika maandiko kwa lugha tatu. Kuihusisha na ile iliyokuwa katika sahani yangu, hilo halikunijia.

Tulimwendea mama shemasi. Nilimweleza kwamba chumvi huvuta unyevu wa hewani, na kwamba hilo ndilo jasho alilolikemea. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Mwalimu, njo we ulisoma tangazo," akasema. "Na sauti ya kupendeza. Sasa leo chumvi iko mubaya?"

"Iko mbaya kwa ukuta, mama."

"Basi ungesema siku ile. Mi nilisoma darasa la ine. We ulisoma yote." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Tulimwaga gunia mbili. Bamama baliinunua na pesa ya mboga."

Fundi hakumlaumu. Aliomba tu ndoo na mafagio, na wale wale waombaji wakaifagia sakafu kwa bidii waliyokuwa wameitumia kuinyunyiza. Iliyokwisha kuingia tofalini haikufagilika. Tulipaka mkandiko wa tano, na wa sita, na mabaki yakaanza kushuka tena, kwa utulivu wa kitu kisicho na haraka ya mwezi wa kumi. Joto la mwaka ule liliwahi na kuzidi. Ukuta ulikauka upesi kuliko mkandiko ulivyoweza kufyonza, na fuwele zikakua humo humo ndani. Jioni tulisikia vipande vikidondoka.

Mhandisi alikuja, mtu mpole, akaubonyeza ukuta kwa kidole gumba. Kiliingia hadi kifundo. Aliandika maneno machache kuliko yangu ya mimbarani.

Ghala lilibomolewa kabla ya mvua ya kwanza. Mzee aliomba tofali moja, fundi akamchagulia la ukuta wa kaskazini. Sasa tunasali Dzaleka chini ya turubai, na ukatibu nimeuacha.