Kiti Kilichotoka Atelye ya Balagizi

Siku ya kwanza nilipomuuzia Balagizi mbao, alinusa ubao mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaniuliza kama mti ule niliukata jana au leo asubuhi.

"Ulikauka, papa," nilimwambia.

"Ulikauka kama nguo yenye iko ndani ya beseni. Na bei yako, mama Dative, iko na homa."

Tulivutana mpaka dereva wangu akalala ndani ya lori. Mwishowe nilishusha bei, naye akanipa chai. Nikajua kwamba pale Ndosho, mtaa wa Goma, kuna mtu ambaye bei ya kwanza hajawahi kuikubali. Mteja wa namna hiyo haumuachi.

Alikuwa ametoka upande wa Bukavu na randa moja ndani ya gunia. Katika atelye, karakana yake ya useremala, alitengeneza milango, vitanda na masanduku ya maiti. Mke wake alikwisha kufariki. Mtoto wake wa pekee, Julien, alikuwa karani Kinshasa. Aliyekula vumbi la mbao pamoja naye ni Chance, binti wa mdogo wake marehemu, ambaye alimlea tangu utotoni.

Mikono yake ilipoanza kutetemeka, alifanya jambo ambalo wengi wanaogopa: aliita watu angali hai. Julien alikuja, Chance akawepo, wafanyakazi, watu wa shirika la parokia, na mimi. Akasema mbele yetu sote: kiwanja ni cha Julien, na atelye itamlipa kodi. Kazi na vyombo vya useremala vitakuwa vya Chance, lakini kwa hatua. Kwanza atanunua mbao, halafu atapanga bei na wateja, mwisho atashika ufunguo. Vyombo atavilipia kidogo kidogo kutoka faida. Malipo hayo yatamlisha muzee. Akifa kabla hayajaisha, yanayobaki ni ya Julien.

"Na mimi, papa, siku nikirudi Goma?" Julien aliuliza.

"Utakuwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba hashike randa. Utajikata, mutoto yangu."

Watu walicheka, na Julien akacheka pia. Alikubali.

Kwenye mbao Chance alinisumbua sawasawa na baba yake mkubwa. Hatua ya pili ndiyo iliyokwama, na sababu yake ilikuwa kiti. Muzee alikuwa ameacha randa, lakini kiti chake kilibaki karibu na mlango, na yeye ndani yake. Siku moja Havugimana, mteja wa zamani, alikuja kutafuta milango. Chance akataja bei. Havugimana akampita, akaenda kwenye kiti.

"Muzee, huyu mutoto wako ananiua."

"Mupunguzie, Chance. Ni rafiki."

Kesho mwingine akafanya vile vile. Habari ikazunguka Ndosho: bei ya Chance ni ya kupita, bei ya kweli iko kwenye kiti. Hata wafanyakazi wakaanza kumuuliza muzee kwanza. Ndipo Chance alipotundika aproni yake kwenye msumari, akaenda kwa shangazi yake, mtaa wa Lac Vert.

Muzee alinituma. Nilimkuta Chance akichambua maharagwe.

"Papa mukubwa alinipa kazi, akabakisha mudomo," alisema. "Nitarudi kiti kikitoka."

"Hauwezi kushusha kidogo? Akae nyuma, kwenye mbao?"

"Hapana, mama. Hii haina kushusha."

Nilipeleka maneno hayo jinsi yalivyokuwa. Balagizi alishika mkono wa kiti.

"Nitakaa wapi?"

"Nyumbani, papa."

"Nyumbani hakuna kitu ya kusikia."

Asubuhi yake alikibeba mwenyewe. Mfanyakazi alitaka kumsaidia, akamfukuza.

Chance alirudi. Wateja waliomfuata muzee nyumbani, yeye mwenyewe aliwarudisha: "Mwenye kazi iko atelye." Kazi ikapanuka, na muzee akampa Chance ufunguo. Lakini Chance alipokwenda kumwomba aje walau Jumamosi, aone vitanda vipya, muzee alikataa.

"Nikikuja, wataona kiti."

"Papa mukubwa, sasa wananiheshimu. Kuja tu."

"Ulitaka kitoke. Kimetoka."

Alisema bila hasira, na Chance alilia njia nzima. Mwanzoni mwa mvua jirani alimkuta amekufa katika kiti kile. Alikuwa amekigeuza kuelekea barabara, upande ambako msumeno wa atelye unasikika upepo ukiwa mzuri.

Chance alikuja kwangu kutafuta mbao za sanduku. Alichagua libuyu, ule mti mwekundu mzito. Nilitaja bei ya juu, kama kawaida, nikijua ataivunja.

"Sawa, mama," alisema, akalipa.

Julien alipata kiwanja, kodi na malipo yaliyobaki. Hakuna aliyegombana matangani. Chance alipata atelye na mdomo wake. Mimi nilipata bei yangu ya kwanza, nzima, kutoka nyumba ya Balagizi. Siku ile lori lenye mbao za sanduku lilikwisha kuondoka, na mimi nilikuwa bado nimesimama pale, nikingoja mtu wa kubisha bei.